Tusimtumie Mwongo kama rungu

Mwaka jana baadhi yetu tulikuwa katika utume wa mwisho wa juma kwenye parokia moja, na Jumamosi jioni tulikaa na vijana kujadili mada waliyoichagua wenyewe: je, kuna ukweli mmoja kwa watu wote? Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alisema bila kusita kwamba hakuna ukweli, kila mtu ana wake. Mmoja wetu alimjibu papo hapo: "Hilo unalosema, kwamba hakuna ukweli, ni kweli au si kweli? Kama ni kweli, basi ukweli upo. Umejinasa mwenyewe kama yule mwongo wa Krete." Vijana wakacheka na kupiga makofi, nasi tukarudi seminarini tukijiona washindi.

Jumamosi iliyofuata kijana yule alikuja na kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika sentensi moja tu: "Sentensi hii ni ya uongo." Akatuuliza kwa upole, "Frateri, hii ni kweli au ni uongo?" Tulijaribu kwa zamu, na kila aliyejaribu alirudi pale alipoanzia. Mwishowe kijana akasema, "Basi hata nyinyi mnaosema ukweli upo, mtumbwi wenu unavuja."

Tumelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na maoni yetu ni haya. Tulikosea mara mbili. Kwanza, tulichanganya kauli mbili zisizofanana: "hakuna ukweli" ni kauli ya uongo tu, lakini sentensi ya kwenye karatasi ni kitu kingine kabisa. Pili, tulidhani Mwongo ni silaha ya anayetetea ukweli dhidi ya anayeukana, kumbe swali lake linatugusa sisi kwanza. Akieleweka vizuri, hata hivyo, Mwongo havunji ukweli. Anatuonyesha ukweli wa kauli unatoka wapi.

Tuanze na Krete, kwa kuwa wengi wetu tunamfahamu mwongo huyo kupitia Maandiko. Mtume Paulo, akimwandikia Tito aliyemwacha kisiwani humo, anataja kauli ya mtu anayemwita nabii wa Wakrete wenyewe, kwamba watu wa Krete ni waongo siku zote (Tit 1:12). Paulo hamtaji kwa jina. Klementi wa Aleksandria ndiye anayetuambia kuwa ni Epimenide. Paulo alikuwa anazungumzia tabia za watu, hakuwa anatunga fumbo la mantiki. Lakini ona kinachotokea tukiichukua kauli hiyo kwa ukali wake wote.

Hapa Kiswahili kinatudai uangalifu. Neno letu "uongo" lina kazi mbili. Linataja dhambi ya kusema kinyume cha unachoamini ili kumdanganya mwenzako, na linataja pia kauli isiyolingana na mambo yalivyo, hata kama aliyeisema alikuwa na nia njema. Mtu anaweza kudanganya huku, bila kujua, anasema jambo lililo kweli. Katika makala hii "uongo" utakuwa na maana ya pili tu: kauli isiyolingana na mambo yalivyo.

Sasa tuseme Epimenide, ambaye ni Mkrete, anadai kwamba kila kauli ya kila Mkrete ni uongo. Je, dai lake linaweza kuwa kweli? Haliwezi, maana lingekuwa kweli, lingekuwa yenyewe kauli ya Mkrete iliyo kweli. Basi ni uongo. Na likiwa uongo, maana yake ni kwamba ipo walau kauli moja ya Mkrete, popote na wakati wowote, iliyo kweli. Kama kuna mvuvi mmoja wa Krete aliyewahi kusema "leo bahari imetulia", na kweli ilikuwa imetulia, mambo yamekwisha. Epimenide amesema uongo, hakuna fumbo lolote.

Lakini usiondoke bado. Tuseme hakuna Mkrete mwingine aliyewahi kusema kweli, hata mara moja. Hapo dai la Epimenide halina mvuvi wa kulisaidia kuwa uongo, nalo linaanza kuzunguka. Kwa hiyo kauli ileile, kwa maneno yaleyale, ni ya kawaida au ni fumbo kutegemea walichosema wavuvi. Tuliweke jambo hili akilini, tutalihitaji.

Sentensi ya kwenye karatasi imeondoa msaada wa wavuvi. Umbo hili la fumbo huhesabiwa kuwa la Eubulide wa Mileto, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo. Tulipitie polepole. "Sentensi hii ni ya uongo." Tuseme ni kweli. Basi mambo yako kama inavyosema, nayo inasema kwamba ni uongo. Kwa hiyo ni uongo. Tuseme basi ni uongo. Lakini hicho ndicho inachosema, na sentensi inayosema mambo yalivyo ni kweli. Kwa hiyo ni kweli. Kila njia inakurudisha kwenye nyingine.

Wapi tumeteleza? Tulitumia mambo matatu tu. La kwanza ni fundisho la Aristotle, alilolipokea Mtakatifu Tomaso wa Akwino: kauli ni kweli inapolingana na mambo yalivyo, na ni uongo isipolingana. La pili ni kwamba kila kauli ni kweli au uongo. La tatu ni kwamba sentensi inaweza kujitaja yenyewe. Angalia kwamba yule anayesema "kila mtu ana ukweli wake" hatumii hata la kwanza, kwa hiyo Mwongo hamsumbui sana. Anatusumbua sisi tunaoshikilia kwamba ukweli ni ulinganifu. Ndiyo maana tunasema haikufaa kumrushia kijana fumbo hili kama rungu: linarudi mkononi mwa aliyelirusha.

Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni kupiga marufuku jambo la tatu: sentensi zisijitaje. Nasi tulimjibu hivyo kijana wetu. Ni jibu rahisi, lakini halisimami, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba kujitaja peke yake hakudhuru. "Sentensi hii ina maneno matano." Ihesabu: ina matano. Ni kweli, na inajitaja. "Sentensi hii ina maneno sita" nayo inajitaja, na ni uongo tu, bila fumbo. Tukipiga marufuku kujitaja, tunatupa na sentensi njema zisizo na kosa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ilielezwa vizuri na mwanafalsafa Mmarekani Saul Kripke katika makala yake ya mwaka 1975. Mara nyingi msemaji hawezi kujua kama kauli yake inajitaja au la, kwa kuwa hilo linategemea yaliyosemwa na wengine. Tuchukue mfano wetu wenyewe, wa kubuni, kutoka jumuiya ndogo ndogo.

Jumuiya imechanga fedha za kuezeka kigango. Mweka hazina ametoa kauli tano kuhusu mchango huo. Amesema zimekusanywa shilingi 600,000, na ni kweli. Amesema mabati 20 yamenunuliwa, na ni kweli. Amesema misumari ilitolewa bure, na ni uongo. Amesema fundi ameshalipwa, na ni uongo. Kauli yake ya tano ni hii: "Aliyosema katibu kuhusu mchango huu yote ni kweli." Naye katibu, akiwa mahali pengine, amesema jambo moja tu kuhusu mchango: "Zaidi ya nusu ya kauli za mweka hazina kuhusu mchango ni uongo."

Je, katibu amesema kweli? Tuseme ndiyo. Basi kauli ya tano ya mweka hazina ni kweli, na kauli zake za kweli ni tatu, za uongo mbili. Mbili si zaidi ya nusu ya tano, kwa hiyo katibu amesema uongo. Tuseme basi amesema uongo. Hapo kauli ya tano ni ya uongo, na za uongo zinakuwa tatu kati ya tano. Tatu ni zaidi ya nusu, kwa hiyo katibu amesema kweli. Tumekwama palepale.

Hakuna kati yao aliyetaka fumbo, wala hakuna aliyejitaja moja kwa moja. Sasa badilisha kitu kimoja nje ya maneno yao: fundi awe kweli ameshalipwa. Mweka hazina ana kauli tatu za kweli na moja ya uongo kabla hatujafika ya tano. Hata ya tano ikiwa uongo, za uongo ni mbili tu, kwa hiyo katibu amesema uongo, na hakuna mzunguko. Malipo ya fundi ndiyo yaliyotenganisha mazungumzo ya kawaida na fumbo, kama kauli za wavuvi kule Krete. Basi hakuna sheria ya sarufi inayoweza kuwazuia Waongo mlangoni, kwa sababu ugonjwa haumo katika umbo la maneno.

Ugonjwa uko wapi? Hapa ndipo tunaposhawishika na wazo kuu la Kripke. Mtu akikuambia, "Alichosema Yakobo ni kweli," huwezi kuamua hadi ujue Yakobo alisema nini. Ukiuliza, unaambiwa, "Yakobo alisema kwamba alichosema Ana ni kweli." Unauliza Ana alisema nini. "Alisema mvua inanyesha." Sasa unatoka nje na kutazama. Umefika chini, kwenye jambo ambalo si kauli kuhusu ukweli wa kauli nyingine, na kutoka hapo unapanda tena: Ana amesema kweli, Yakobo naye, na aliyekuambia naye. Kauli hizo zina msingi. Lakini ukianza kushuka kutoka kwenye sentensi ya Mwongo, unaambiwa: tazama ukweli wa sentensi ya Mwongo. Unashuka tena, unaambiwa hivyo hivyo. Hufiki kwenye mvua kamwe.

Kuna sentensi nyingine inayotusaidia kuona kwamba tatizo ni kukosa msingi hata pasipo mgongano. "Sentensi hii ni kweli." Ukidhani ni kweli, hakuna kinachogoma. Ukidhani ni uongo, hakuna kinachogoma pia. Haijipingi popote, na bado hakuna chochote duniani, wala mbinguni, kinachoweza kuamua ni ipi kati ya hizo mbili. Inajishuhudia yenyewe kwa nguvu zote, na ushuhuda wake ni mtupu. Mwongo ni ndugu yake: utupu ni uleule, ila Mwongo anapiga kelele.

Kwa waliosoma Mtakatifu Tomaso jambo hili halitakuwa geni. Kwake ukweli ni ulinganifu wa akili na kitu, na kinachosababisha ukweli katika akili ni kuwepo kwa kitu chenyewe. Ulinganifu unahitaji pande mbili. Sentensi "ina maneno matano" inajitaja, lakini inajitaja kama kitu kilichoandikwa, chenye maneno ya kuhesabika. Pande mbili zipo. Mwongo anajitaja kwa ukweli wake tu, ambao ulipaswa kutoka kwenye kitu. Anataka kulinganishwa na ulinganifu wake mwenyewe. Ni kama mtu anayeweka jiwe la mizani pande zote mbili, kisha anauliza bei.

Tungependa kuishia hapo, lakini kijana wetu ana akili, na asingeturuhusu. Angeandika upande wa pili wa karatasi: "Sentensi hii si kweli." Tukimwambia kwamba haina msingi, na kwa hiyo si kweli wala si uongo, angetujibu: "Kwa hiyo si kweli. Na hicho ndicho inachosema. Basi ni kweli." Mwongo tuliyemfukuza mlangoni amerudi kupitia dirishani.

Kwa maoni yetu jibu bora ni kutazama sisi tumesimama wapi tunaposema "si kweli". Tukisema sentensi ya kwenye karatasi si kweli, kauli yetu ina kitu cha kutazama, yaani karatasi ile na utupu wa sentensi yake. Kauli yetu ina msingi. Sentensi yenyewe, ingawa inatumia maneno hayohayo, haina. Mwalimu anayesahihisha madaftari huweka alama kwa kalamu nyekundu, na alama hiyo si sehemu ya insha ya mwanafunzi. Mwanafunzi akijiandikia mwenyewe "sahihi" mwishoni mwa insha, ameongeza neno tu, hajasahihisha. Mwanamantiki Mpolandi Alfred Tarski alilionyesha jambo hili kwa ukali wa kihisabati mwaka 1933: kwa lugha rasmi zenye uwezo wa kutosha, ukweli wa sentensi zake hauwezi kufafanuliwa ndani ya lugha ileile bila kuangukia kwa Mwongo. Unafafanuliwa kutoka lugha iliyo juu yake.

Jibu hilo lina gharama, na tusiifiche. Kiswahili ni kimoja, na neno "kweli" ni moja. Hatuna Kiswahili cha chini na Kiswahili cha juu. Katibu wa jumuiya alipotamka "uongo" hakuweza kujua yuko ngazi ya ngapi, kwa sababu hilo lilitegemea maneno ya mweka hazina. Na mtu anaweza kutuuliza: kauli yenu kwamba "ukweli husemwa kutoka juu" mmeisema kutoka wapi? Wanamantiki bado wanabishana. Walibishana hata katika shule za Kanisa za karne ya 14, ambako mafumbo haya yaliitwa yasiyotatulika. Thomas Bradwardine, aliyefariki mwaka 1349 akiwa Askofu Mkuu wa Kantaberi, aliyaandikia kitabu kizima. Yeye alitetea kwamba sentensi inayojisema kuwa ya uongo hujisema pia kuwa ya kweli, kwa hiyo inabeba mambo yasiyoweza kukaa pamoja, na ni uongo tu. Hatumfuati, lakini tunampenda kwa kutolikimbia fumbo.

Turudi sasa kwenye kosa letu la kwanza. "Hakuna kauli iliyo kweli." Je, hii ni Mwongo? Ikiwa kweli, ni uongo. Ikiwa uongo, ipo walau kauli moja iliyo kweli, kwa mfano kwamba tano ni zaidi ya mbili. Hapo tunasimama, hatuzunguki. Kauli hiyo iko kama ya Epimenide mwenye wavuvi wakweli: ni uongo wa kawaida. Kumwambia kijana kwamba amenaswa "kama Mwongo" kulikuwa kosa la mantiki kwa upande wetu. Tungesema tu kwamba amekosea, na tungemwonyesha mvuvi mmoja.

Tena tungekuwa na kiasi katika kudai tulichokithibitisha. Katika Summa, anapouliza kama uwepo wa Mungu ni jambo la wazi lenyewe, Mtakatifu Tomaso anakutana na hoja hiyohiyo: anayekana kwamba ukweli upo anakiri kwamba upo, na kwa kuwa Mungu ndiye Ukweli, basi ni wazi kwamba Mungu yupo. Ungetegemea aishangilie. Yeye anaikubali nusu tu. Kwamba ukweli upo kwa ujumla ni wazi, anasema. Kwamba upo Ukweli wa kwanza si wazi kwetu hivyo, kunahitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine. Kama mwalimu huyo hakuitumia hoja hiyo kumaliza mjadala, sisi tulipata wapi haraka ile?

Tulipokutana tena na kijana yule tulimkiri makosa yetu, kisha tukamwonyesha kwamba karatasi yake haikutoboa mtumbwi. Inaonyesha kwamba si kila maneno yenye umbo la kauli yamegusa kitu, na kwamba kauli haiwezi kuwa shahidi wake yenyewe. Alitukumbusha kwamba katika Injili ya Yohane Yesu anasema kwamba akijishuhudia mwenyewe ushuhuda wake si kweli (5:31), na baadaye anasema kwamba hata akijishuhudia ushuhuda wake ni kweli (8:14). Je, huo si mgongano? Tukamwomba asome hadi mwisho wa aya ile ya pili. Bwana anatoa sababu: anajua alikotoka na anakokwenda. Ushuhuda wake hauelei, una anakotoka.

Kijana alikunja karatasi yake akaiweka mfukoni. Hakusema kwamba sasa anaamini ukweli ni mmoja, wala hatukumdai. Alisema atarudi Jumamosi na swali kuhusu ngazi za juu, na kwamba ngazi yetu ya mwisho bado haijamridhisha. Nasi pia haijaturidhisha, tukamwambia hivyo.